Barua kwa Mama Mwenyekiti: Runinga ya Ukumbi Inaanzia Benchi la Mwisho

Mama Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi aliniletea bahasha yenye profoma tatu kutoka maduka matatu. Zote zilifanana kama zimeandikwa na mkono mmoja: runinga moja ya inchi 85, waya mmoja wa HDMI wa mita 20, kibebeo cha ukutani na gharama ya ufundi. Yeye amestaafu ualimu, ila kalamu nyekundu hawajaachana. Juu ya bahasha alikuwa ameandika: “Fundi, ipi kati ya hizi? Kamati inakaa Alhamisi.”

Sikuchagua hata moja. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili, nikaanza kama inavyopaswa: “Mama Mwenyekiti, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Naomba kamati isinunue chochote mpaka nije na tepu ya kupimia.” Tangu hapo watu wa sharika nyingine wameniomba nakala. Naieleza hapa, pamoja na sababu ambazo sikuziandika kwa kuwa wajumbe hawana muda wa kusoma kurasa kumi.

Ukumbi wenyewe una urefu wa mita 16 na upana wa mita 9. Umejengwa kwa matofali ya saruji, una nguzo tatu za zege kila upande, na katikati ya nguzo kuna madirisha makubwa yanayoingiza jua la asubuhi upande mmoja na la jioni upande wa pili. Dari ni ya gipsamu, ilikuwa haijapakwa rangi bado. Meza ya mitambo, yaani mikisa na kompyuta, iko nyuma kabisa karibu na mlango. Jumapili kuna ibada, katikati ya wiki kuna kikoba cha akina mama, Jumamosi kuna harusi, na misiba huja siku yoyote.

Nilipofika sikupima ukuta wa mbele ambao wauzaji wote watatu waliupima. Nilipima kutoka ukuta huo hadi macho ya mtu aliyekaa benchi la mwisho. Zilikuwa mita 14. Benchi la kwanza liko mita 3. Karibu kila kitu kilichofuata katika barua kilitoka kwenye namba hizo mbili.

Kisha tulifanya jaribio la karatasi ya manila. Nilichora kwa makapeni maneno ya kawaida katika herufi ndogo za ukubwa wa aina tatu: sentimita 2, sentimita 3 na nusu, na sentimita 7. Ninaposema sentimita 7 sipimi herufi kubwa ya mwanzo wa sentensi, napima urefu wa herufi kama “a” au “e”, maana hizo ndizo zinazojaza ukurasa. Tulibandika manila mbele, tukawaomba wazee watatu wakae benchi la mwisho na miwani waliyozoea kuja nayo kanisani. Sentimita 2 hakuna aliyeisoma. Sentimita 3 na nusu mmoja aliisoma kwa kukunja uso, na wawili walikuwa wakibahatisha. Sentimita 7 waliisoma wote huku wakiendelea na mazungumzo yao.

Jaribio hilo linakubaliana na kanuni ninayoitumia kazini: gawa umbali wa msomaji kwa 200. Mita 14 kugawa kwa 200 ni sentimita 7. Kwa daktari wa macho kipimo hicho kitaonekana cha ukarimu, kwa sababu jicho zima husoma herufi ya milimita 9 hivi kutoka mita 6, ambayo ni ndogo zaidi ya mara tatu. Lakini yule anasomesha mtu mmoja, kwenye chumba tulivu, na ubao ulioangazwa vizuri. Sisi tunasomesha watu mia mbili wenye macho ya kila namna, jua linapiga dirishani, na wimbo hausubiri anayetafuta miwani.

Sasa tuirudie ile runinga ya inchi 85. Inchi hizo ni za kona hadi kona. Kioo chenyewe kina upana wa sentimita 188 na kimo cha sentimita 106. Ukitumia herufi ndogo ya sentimita 7, mstari mmoja pamoja na nafasi yake ya juu na chini unakula sentimita 17 hivi, na kila herufi inachukua kama sentimita 7 kwenda pembeni. Toa ukingo kidogo kila upande, unabaki na mistari 5 yenye herufi 24 kila mmoja.

Herufi 24 kwa Kiingereza ni maneno manne au matano. Kwa Kiswahili hali ni nyingine. “Waliotutangulia” peke yake ni herufi 15, na “tutakapokutana” ni 14. Maneno hayo mawili hayakai pamoja kwenye mstari mmoja, na beti zetu za nyimbo zimejaa maneno ya aina hiyo. Ubeti wa mistari minne utavunjika kuwa mistari minane, slaidi zitakuwa mbili, na anayebonyeza kompyuta atachelewa katikati ya ubeti. Kila aliyewahi kuimba kwaya anajua mkutano unavyonyamaza pale maneno yanapokosekana, wakabaki wanakwaya peke yao wakiburuza wimbo. Taarifa ya mhazini yenye safu nne za tarakimu ndiyo isahau kabisa.

Kwa hiyo barua ilisema hivi: “Napendekeza runinga tatu za inchi 65, za aina moja na toleo moja. Moja ikae mbele, mbili zikae kwenye nguzo za katikati, kulia na kushoto, mita 7 kutoka ukuta wa mbele, zikiwa zimegeuzwa kidogo kuelekea nyuma na ndani.” Inchi 65 ina kimo cha sentimita 81 na upana wa sentimita 144. Mtu wa benchi la mwisho sasa anasoma kutoka mita 7, anahitaji herufi ya sentimita 3 na nusu, na hesabu ileile inampa mistari 8 yenye herufi 37. Kwenye profoma alizoniletea, bei ya inchi 85 moja ilikaribia sana bei ya hizo tatu.

Kuna benchi mbili tatu za katikati ambazo ziko karibu mno na runinga za nguzo kiasi cha kuzitazama kwa kupinda shingo. Hao wataendelea kutazama ya mbele kutoka mita 9. Ndiyo maana niliweka sharti moja kwa vijana wanaotengeneza slaidi: mistari isizidi 6, na herufi zisizidi 28 kwa mstari. Likishikwa hilo hakuna benchi litakaloachwa. Mhazini naye akate jedwali lake vipande viwili. Alinung’unika, akakubali.

Kwa nini nilisisitiza aina moja na toleo moja? Sababu ya kwanza ni uvivu: rimoti moja inaziamrisha zote. Ya pili ni nzito zaidi. Kila runinga huchelewesha picha kidogo wakati inaisafisha ndani yake, na kila toleo huchelewesha kwa kiwango chake. Mhubiri akionekana mbele amefunga mdomo na kwenye nguzo bado anazungumza, mtu aliyekaa katikati ataona kitu kinamkera asijue ni nini.

Mjumbe mmoja kijana aliniuliza kuhusu 4K, kwa sauti ya mtu anayekamata mwizi. Barua ilikuwa na aya yake. Picha ya runinga ni nukta. Kwenye inchi 65, picha ya 1920 x 1080 ina nukta zenye upana wa robo tatu ya milimita. Jicho zima linaweza kuzitenganisha nukta za ukubwa huo mpaka umbali wa mita 2 na nusu hivi. Ukirudi nyuma zaidi zinaungana, na picha ya 4K, yenye nukta ndogo mara mbili kila upande, haikuongezei chochote. Benchi letu la kwanza liko mita 3. Ukumbi mzima, kuanzia wazee wa kanisa hadi watoto waliobebwa nyuma, uko nje ya eneo ambalo 4K inaonekana. Kwa kuwa siku hizi runinga karibu zote za inchi 65 zinazouzwa ni za 4K, tutazinunua hivyohivyo. Ila kompyuta tutaiambia itume 1920 x 1080, na hapo ndipo tunapookoa pesa ya waya.

Waya ndio ulionifanya nizikatae zile profoma hata kabla ya kupima. Kutoka meza ya mitambo hadi ukuta wa mbele ni mita 14 kwa macho, lakini waya haupiti hewani. Unapanda ukutani hadi darini, unatembea juu ya gipsamu, unashuka tena nyuma ya runinga. Nilipima kwa kamba nikapata mita 22. Waya wa mita 20 usingefika, na hata kama ungefika, waya wa kawaida wa HDMI wenye shaba ndani huanza kuchoka mapema. Picha ya 4K ya mara 60 kwa sekunde inabeba data kiasi ambacho waya wa namna hiyo hauaminiki sana ukipita mita 5. Picha ya 1920 x 1080 inabeba robo tu ya mzigo huo, hivyo waya mzuri unaweza kufika mita 10 na hata kuzidi. Mita 22 ni kucheza bahati nasibu.

Dalili za waya uliozidiwa zinafahamika ukishaziona. Kwanza vinatokea vichenga vidogo vinavyometameta, hasa sehemu zenye rangi nyeusi. Halafu picha inazimika sekunde moja na kurudi, mara nyingi mtu anapowasha feni. Mwisho kabisa runinga inaandika “No Signal” wakati kompyuta inasema kila kitu kiko sawa. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kushusha ukubwa wa picha kwenye kompyuta. Ikitulia, runinga haina ugonjwa na kompyuta haina ugonjwa. Mgonjwa ni waya. Nimewahi kuitwa ukumbi mmoja ambako walikuwa wamebadilisha runinga mara mbili kwa kosa la waya.

Badala yake nilipendekeza waya wa mtandao, ule wa Cat6. Kuna kisanduku kinachokaa kwenye meza ya mitambo, kinapokea HDMI moja kutoka kwenye kompyuta na kuigawa kwenye waya tatu au nne za Cat6. Nyuma ya kila runinga kunakaa kisanduku kidogo kinachoigeuza tena kuwa HDMI, kikiunganishwa kwa waya mfupi wa mita moja. Vingi vya bei ya kati huandikwa kwamba vinafika mita 50 au 60 kwa picha ya 1920 x 1080. Sisi tunahitaji 22, kwa hiyo kuna akiba ya kutosha, na ukumbi wa umma unahitaji akiba. Muuzaji aulizwe kama vile visanduku vya runinga vinapata umeme kupitia Cat6 hiyohiyo au vinahitaji soketi yake, ili fundi umeme ajue mapema. Na kijana yeyote asije akazichomeka waya hizo kwenye vifaa vya intaneti kwa sababu tu tundu linafanana. Visanduku vya namna hii havizungumzi lugha ya intaneti, na vile vinavyopitisha umeme kwenye waya vinaweza kuunguza kifaa cha mwenzake.

Uzuri mwingine wa Cat6 ni kwamba kichwa chake kinafungwa hapohapo kazini. Waya mtupu unapita kwenye bomba jembamba, ukishafika ndipo unakatwa na kufungwa kichwa. HDMI inakuja na kichwa chake kutoka kiwandani, kipana kama kidole gumba, na hicho ndicho kinachowafanya mafundi watoboe matundu ya aibu kwenye kuta za kanisa. Panya akikata Cat6, unavuta mwingine kwenye bomba lilelile. Niliomba zipitishwe mbili kwa kila runinga, moja ya kazi na moja ya kulala usingizi mpaka siku itakapohitajika.

Hapa kuna mtego mmoja wa soko letu. Boksi nyingi za Cat6 zinazouzwa kwa bei ya kutupa zina nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Nje zinaonekana sawa kabisa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, na ya kupakwa inaonyesha rangi ya fedha mara moja. Boksi lenyewe pia ni jepesi isivyo kawaida unapolinyanyua. Alumini inapinga umeme zaidi ya shaba, inakatika kirahisi inapopindwa, na kisanduku kinachotegemea umeme wa kupitia waya huo kitazima na kuwaka kama taa ya jini. Niliandika: “Mama, mnunuzi aende na wembe.” Nasikia sentensi hiyo ilisomwa mara mbili kwenye kikao.

Kimo cha runinga kilizua mjadala kuliko nilivyotarajia. Wauzaji walipendekeza ukingo wa chini uwe mita moja na nusu kutoka sakafuni, na kwa watu waliokaa kipimo hicho kinatosha. Lakini nyimbo tunaziimba tumesimama. Mtu anapohitaji kusoma maneno ndipo hasa wote walio mbele yake wanapoinuka. Kwa hiyo nilipima tukiwa tumesimama, nikaweka ukingo wa chini mita 2 na sentimita 10, kioo kikiinamishwa kidogo mbele. Kuinamisha huko kunasaidia pia kwa madirisha: mng’ao wa jua uliokuwa utue machoni mwa watu unatupwa sakafuni. Bolti ziingie kwenye zege ya nguzo, siyo kwenye tofali lenye tundu ndani. Runinga ya inchi 65 ina uzito wa kilo 20 na ushei, na chini yake kuna watoto.

Kuhusu kioo chenyewe barua haikutaja kampuni. Ilitaja mambo ya kufanya dukani. Runinga za dukani huwa zimewekwa kwenye hali ya maonyesho, rangi zinapiga kelele, kwa sababu zinashindana na jirani zake. Mwombe muuzaji aitoe kwenye “Store” au “Retail” aiweke “Home”, halafu chomeka flashi yako yenye slaidi ya wimbo wenu wenyewe. Simama mbele, kisha zunguka pembeni mpaka uione kwa pembe kama mtu aliyekaa benchi la ukutani. Aina fulani za vioo hupauka na kuwa kijivu ukizitazama kutoka upande, nyingine hubaki vilevile. Za nguzo zitatazamwa kutoka upande maisha yake yote, kwa hiyo nyeusi tupu inayong’aa ukiwa mbele haina faida kama pembeni maneno yanafifia. Za OLED, ambazo ni nzuri kupindukia na bei yake pia, nilishauri ziachwe. Zinaweza kubaki na kivuli cha kitu kilichokaa pale pale muda mrefu, na nembo ya usharika itakaa kwenye kona ile ile kila Jumapili. Halafu usome karatasi ya dhamana. Nyingi zinasema dhamana ni ya matumizi ya nyumbani tu. Ni bora mjadala huo ufanyike kwenye kaunta ya duka kuliko baada ya kuungua.

Nilipofika kwenye mipangilio nilichukua nafasi ndefu kuliko yote, kwa sababu ndipo kumbi nyingi zinaposhindwa zikiwa tayari zimelipa kila kitu.

La kwanza ni kingo zilizokatwa. Runinga nyingi, kwa desturi iliyorithiwa tangu enzi za runinga za mgongo mkubwa, huivuta picha iwe kubwa kidogo kuliko kioo, kingo zake zikapotelea nje. Kwenye filamu huoni. Kwenye slaidi namba ya wimbo iliyoandikwa kona ya juu inabaki nusu, na watu wanauliza kama ni 138 au 188. Kutafuta dawa yake kunahitaji subira kwa kuwa kila kampuni imeipa jina lake: kuna “Just Scan”, kuna “Screen Fit”, kuna “Fit to Screen”. Iko kwenye sehemu ya ukubwa wa picha, na wakati mwingine haionekani mpaka runinga iwe inapokea picha ya HDMI wakati huohuo. Kupima ni rahisi. Tengeneza slaidi nyeupe yenye mstari mwekundu mwembamba kuzunguka ukingo wote. Ukiona pande zote nne za mstari, umemaliza.

La pili ni ukali wa picha, “Sharpness”. Watu huupandisha wakidhani herufi zitasomeka zaidi, kumbe runinga inachora kivuli cheupe kuzunguka kila herufi, na kwa mbali herufi zinaonekana zimevimba. Shusha taratibu huku ukitazama slaidi ya maneno mpaka kivuli kipotee. Hapo simama. Na “Energy Saving” au “Eco” izimwe, maana ndiyo inayopunguza mwanga saa nne asubuhi wakati jua liko dirishani na tunauhitaji mwanga wote. Slaidi za asubuhi nazo ziwe na maandishi meusi juu ya rangi ya mwanga. Vijana wanapenda nyeupe juu ya nyeusi, ni maridadi usiku, lakini kioo cheusi mchana ni kioo cha kujitazamia: utaona dirisha na benchi zote zikielea ndani ya ubeti.

La tatu lilinitokea mimi mwenyewe kwenye harusi fulani. Bibi na bwana harusi walikuwa wanakata keki, kamera inawaonyesha, na runinga zote zikazima kwa pamoja. Tuliangalia umeme, tukaangalia waya, MC akaanza kutunga vichekesho. Hakukuwa na hitilafu yoyote. Zilikuwa zimewashwa saa nne nyuma, hakuna aliyegusa rimoti, zikaamini kwamba mwenye nyumba amesinzia. Mpangilio huo kwa kawaida huitwa “Auto Power Off” na uzimwe kwenye kila runinga moja moja. Harusi zetu hazijui saa nne ni nini.

Kwa kompyuta niliandika mistari michache. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua “Extend”, siyo “Duplicate”. Hapo mwendeshaji anabaki na kioo chake na mkutano unaona slaidi tu. Weka kioo cha pili kwenye `1920 x 1080` na `60 Hz`. Zima taarifa za ujumbe. Sababu ya hilo la mwisho kamati ilikuwa nayo tayari, kutoka kwenye kikao kimoja cha fedha ambacho ujumbe wa faragha wa katibu ulisomwa na wajumbe wote, na sitauongezea neno.

Sauti isitoke kwenye spika za runinga. Zimetengenezwa kwa sebule, na tatu zikilia kutoka sehemu tatu zitaleta mwangwi. Itoke kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, iingie moja kwa moja kwenye mikisa. Ukisikia muungurumo mzito wa kudumu, chomoa chaja ya kompyuta. Muungurumo ukikata papo hapo, umeme wa ardhini unapata njia mbili za kupita, na dawa yake ni kisanduku kidogo cha kutenganisha kinachowekwa kati ya kompyuta na mikisa. Sauti ikifika kabla ya midomo, weka runinga zote tatu kwenye hali ya “Game”. Jina linachekesha kanisani, lakini kazi yake ni kupunguza ule usafishaji wa picha ndani ya runinga, na ucheleweshaji nao unapungua. Nilimwomba Mama Mwenyekiti amweleze Mchungaji mapema, asije akaliona neno hilo kwenye kioo akadhani vijana wanacheza.

Umeme wa mtaa wetu unajulikana. Kila runinga iwe na kilinzi chake, kile kinachokata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kimoja kwa zote tatu kinaonekana nafuu hadi siku kitakapokufa nazo.

Kama pesa haitoshi kwa mara moja, niliandika, anzeni na zile mbili za nguzo na ya mbele ije baadaye, maana waliokaa mbele wanamwona mhubiri mwenyewe na wanaweza kutumia vitabu vya nyimbo kwa miezi michache. Lakini mabomba na Cat6 zote, pamoja na zile za runinga ambayo haijanunuliwa, zipite sasa. Dari ikishapakwa rangi, kupitisha waya mmoja kutagharimu zaidi ya waya wenyewe, na fundi rangi alikuwa ameshapewa malipo ya awali aanze Jumatatu.

Barua niliifikisha Jumatano jioni. Kikao kikakaa Alhamisi. Ijumaa saa moja asubuhi simu yangu ikaingia ujumbe, bila salamu, jambo ambalo kwa Mama Mwenyekiti ni geni: “Fundi rangi nimemsimamisha. Leta mabomba. Na ile manila usiitoe, mhazini anataka kupimia jedwali lake.”